Maumivu ya Kisigino Yaliyoanzia Kwenye Paketi ya Dawa

Shangazi yangu ana umri wa miaka 71, na kwa zaidi ya miaka 30 amekaa Kangemi, magharibi ya Nairobi, kwenye nyumba iliyo chini ya mteremko. Ni mtu wa pumu tangu ujana wake. Ukimwona akishuka na kupanda mteremko ule huku amebeba kikapu cha mboga, hutamdhania kuwa na umri huo. Nimeanza na miguu yake kwa sababu habari yote hii ni ya miguu yake, na kwa sababu sisi tuliomzunguka, na mimi nikiwa wa kwanza, tuliidharau ilipoanza kulalamika.

Jumatatu moja alihisi mkojo unamchoma na unamjia mara kwa mara. Alikuwa mjini siku hiyo, akaingia duka la dawa katika mitaa iliyo karibu na River Road, akaeleza tabu yake kwa sauti ya chini kama mama wa makamo anavyoona haya kueleza jambo hilo mbele ya foleni. Akapewa vidonge vya siprofloksasini, miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa siku saba. Hakuulizwa umri wala dawa nyingine anazomeza. Naye hakusema kwamba nyumbani alikuwa na paketi ya prednisoloni, aliyopewa hospitali wiki moja kabla pumu ilipomzidi, na kwamba alikuwa angali akiimeza.

Jumatano mkojo ulikuwa umetulia, akashukuru. Alhamisi alfajiri, alipoweka mguu sakafuni kutoka kitandani, alihisi ugumu na maumivu nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino. Upande wa kushoto nao uliuma, ila kwa uchache. Aliponipigia simu alisema, "Mwanangu, miguu imenikamata kwa nyuma kama kwamba nimelima shamba." Nikamwambia ni baridi ya Julai. Jirani akamwambia ni gauti. Binti yake akamwambia ni vile viatu vipya, akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akikaza vidole gumba palepale palipouma. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Unameza dawa gani?"

Ijumaa alikwenda mjini kusali. Alishuka matatu karibu na Odeon, akavuka Moi Avenue akapanda hadi Msikiti wa Jamia, na baada ya swala akarudi njia ileile akichechemea. Jioni akameza kidonge chake kama kawaida. Jumapili, akipanda matatu kule Waiyaki Way, aliweka ncha ya mguu wa kulia kwenye kidato, akajisukuma kuingia. Akasikia mlio, kama kijiti kikavu kilichovunjika, na wakati uleule akahisi kama aliyepigwa jiwe kwa nyuma. Aligeuka kumtafuta aliyemrushia. Hakukuwa na mtu. Kano la kisigino chake lilikuwa limekatika.

Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Watu wengi huiita mshipa, na ndiyo sababu husemwa "nimevutwa na mshipa", lakini mshipa wa damu ni kitu kingine kabisa. Kano la kisigino ndilo kubwa kuliko yote mwilini. Linatoka kwenye shavu la mguu na kushuka hadi kushika mfupa wa kisigino, na ukipitisha vidole viwili nyuma ya kifundo utalishika, limesimama kama ukingo. Kila unapoinua kisigino ili upige hatua, kano hili ndilo linalovuta. Mzigo linaobeba katika hatua moja ya kutembea tu unapita mara mbili ya uzito wa mwili wako, na unazidi tena unapopanda ngazi, mlima au kidato cha matatu.

Tukiwa hospitali, daktari aliyempokea shangazi alimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda. Akaliminya shavu la mguu wa kushoto kwa kiganja, na unyayo ukasogea wenyewe kuelekea chini. Akaliminya la kulia, unyayo ukabaki umetulia. Mguu ambao kano lake ni zima hujibu unapominywa, na ule ambao kano limekatika haujibu, kwa kuwa kamba haipo tena ya kuuvuta. Kisha akapitisha kidole nyuma ya kifundo, akatuonyesha mahali kidole kinapozama, kiasi cha upana wa vidole vitatu juu ya kisigino. Ndipo alipouliza swali lile ambalo sisi hatukuliuliza. Binti akatoa paketi mbili mkobani. Daktari akazitazama, akaziweka mezani kimya, halafu akasema, "Mama, hizi mbili hazikupaswa kukutana kwako."

Siprofloksasini ni moja katika ukoo wa viuavijasumu unaoitwa fluorokwinoloni. Ndugu zake ni levofloksasini, moksifloksasini, ofloksasini na norfloksasini. Huhitaji kuyahifadhi majina hayo. Tazama tu jina dogo lililoandikwa chini ya jina la biashara kwenye paketi: likiishia kwa herufi floxacin, basi ni ya ukoo huo, iwe imetengenezwa India, Kenya au Ulaya. Hapa Nairobi nyingi huitwa "sipro", na huuzwa kwa mkojo, kwa tumbo la kuhara na kwa homa ya matumbo. Kwa sheria ya Kenya dawa hizi hazipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari. Kila mmoja wetu anajua namna mambo yalivyo madukani. (Na homa ya matumbo yenyewe, niseme nikipita, husingiziwa mambo mengi. Kipimo cha damu cha Widali, ambacho aghalabu ndicho kinachofanywa, kinakosea sana, na wazee wengi hupewa sipro kwa taifodi ambayo hawakuwa nayo.)

Uhusiano wa dawa hizi na makano si habari ya jana. Mwaka 1983 madaktari wa Nyuzilandi waliandika juu ya wagonjwa waliobadilishiwa figo ambao walipata maumivu ya kano la kisigino walipomeza norfloksasini. Taarifa zikaendelea kukusanyika, hadi Julai 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru kwamba paketi za fluorokwinoloni zote za kumeza na za sindano ziwekewe onyo lake zito kabisa, lile linaloandikwa ndani ya mstatili mweusi: dawa hizi zaweza kuvimbisha makano na kuyakata. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba kwa maradhi mepesi, yakiwemo maambukizi ya kawaida ya mkojo, zisitumike ikiwa kuna dawa nyingine ya kufaa. Ulaya ikazibana mwaka 2019. Uingereza, Januari 2024, ikasema zitolewe pale tu viuavijasumu vingine visipofaa. Kwa hiyo yaliyompata shangazi yalikuwa yamekwishaandikwa kwenye karatasi ile nyembamba iliyokunjwa ndani ya paketi, kwa maandishi madogo mno, na kwa Kiingereza. Binti yake alikuwa ameitupa pamoja na taka.

Dawa hufanyaje hata ifike kwenye kano? Ndani ya kano mna chembe chache hai ambazo kazi yao ni kusuka nyuzi na kuzitengeneza zinapochakaa. Fluorokwinoloni huzidhuru chembe hizo. Usukaji wa nyuzi mpya hupungua, na wakati huohuo vimeng'enya vinavyomung'unya nyuzi za zamani huongezeka. Dawa hizi pia hunasa madini ya magnesi, ambayo chembe hizo huyahitaji. Ni kama mkeka ambao nyuzi zake zinaliwa na mchwa usiku na msusi wake amelala. Mahali dhaifu zaidi ni kipande kilicho juu ya kisigino, kiasi cha sentimita mbili hadi sita, kwa kuwa damu inayofika hapo ni kidogo na matengenezo ni ya polepole hata kwa kijana. Mtu akifika miaka 60 nyuzi zenyewe zimekwisha pungua ulaini. Prednisoloni, deksamethasoni na steroidi nyingine nazo hudhoofisha makano kwa njia yake, hivyo mbili zikikutana hatari huzidi kuliko kila moja peke yake. Figo zilizochoka huongeza jambo la tatu, maana siprofloksasini na levofloksasini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu na kipimo kisipopunguzwa, dawa hukaa mwilini kwa wingi usiokusudiwa.

Basi mtazame mzee wa nyumbani kwako. Amepita miaka 60. Labda ana pumu au baridi yabisi, na humeza steroidi au amechomwa sindano yake. Labda sukari na presha zimemgusa figo. Huyo ndiye anayepaswa kumwambia muuza dawa mambo hayo kabla ya kupokea kidonge chochote cha jina hili, na kama hawezi kusema, aliye pamoja naye amsemee. Jihadharini pia na unga na vidonge vya viungo vinavyouzwa mikononi bila orodha ya vilivyomo. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na steroidi iliyofichwa ndani, na mzee anayezimeza hujibu kwa ukweli wa moyo kwamba hatumii steroidi.

Sitaki mtu akatupe dawa yake kwa hofu. Wengi humeza sipro wakapona bila kudhurika kano, na kukatika ni jambo la nadra. Yapo maradhi ambayo dawa hizi ndizo zinazookoa: maambukizi mazito ya figo, ya tezi dume, na kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake mara nyingi yana levofloksasini au moksifloksasini ndani yake. Matone ya macho na ya masikio yenye majina haya hayaingii mwilini kwa wingi, na onyo ninalolieleza limewekwa kwa zile za kumeza na za sindano. Jambo la kushika ni kwamba kano haliendi kukatika kimya. Aghalabu hutoa taarifa kwanza, na kati ya taarifa hiyo na kukatika pana siku, pengine wiki. Kwa shangazi palikuwa na siku tatu.

Taarifa yenyewe ni maumivu, ugumu au uvimbe nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kisigino, aghalabu mabaya zaidi kwa hatua za kwanza za asubuhi. Karibu nusu ya wagonjwa huumwa pande zote mbili, na hili ndilo lililopaswa kutuzindua, kwa maana kiatu kibaya au kuteguka mara nyingi huumiza mguu mmoja. Yaweza kuanza ndani ya saa 48 tangu kidonge cha kwanza. Kwa wengi huanza katika wiki mbili za mwanzo. Lakini yaweza pia kuja miezi kadhaa baada ya dawa kwisha, wakati hakuna anayeikumbuka. Ndiyo maana daktari anayeuliza "unameza dawa gani" hupasa kujibiwa pia ulizomeza tangu miezi michache iliyopita. Na si kisigino peke yake. Bega, kiwiko, mkono na goti huweza kupatwa, ingawa kisigino ndicho kinachoongoza kwa mbali.

Mzee akisema panauma hapo, naye yumo katika dawa hii au ameimaliza karibuni, jambo la kwanza ni kuketi. Kano lililodhoofika likipumzishwa, kwa wengi hutengenea, ingawa huchukua wiki nyingi na pengine miezi. Likiendelea kuvutwa, kila hatua hukata nyuzi nyingine kati ya zile chache zilizobaki. Tumezoea kuwaambia wazee, "Tembea tembea, mguu usikaze." Kwa goti lililokaa sana hilo lina maana yake. Kwa kano hili, ushauri huo ndio unaolikata.

Kuacha kuutembelea mguu ni pamoja na mambo ya nyumbani ambayo hatuyahesabu kuwa kutembea. Choo cha kuchuchumaa hulivuta kano la kisigino kwa ukomo wake, kwa sababu nyayo zimelala chini na magoti yamekuja mbele. Tafuteni kiti cha choo au ndoo imara. Vivyo hivyo kuchuchumaa mbele ya jiko, kupanda stuli kushusha sufuria, na kusimama kwa ncha za vidole kuanika nguo. Na mzee akilazimika kwenda hatua chache mpaka bafuni, avae kiatu chenye kisigino kidogo, kwa kuwa kisigino kilichoinuliwa hulilegeza kano. Asiende peku wala kwa malapa yaliyolala, na ashikwe pande zote mbili au awe na magongo.

Hapa swala inaingia, na kwa sababu watu huniuliza, nitasema. Anayesujudu huvikunja vidole vya miguu na kuvisimamisha. Anayeketi baina ya sijida mbili huusimamisha unyayo wa kulia. Anayenyanyuka kwenda rakaa ya pili hujisukuma kwa ncha za nyayo, na huo ndio msukumo uleule wa shangazi kwenye kidato cha matatu. Hayo hurudiwa katika rakaa 17 za faradhi kila siku, mbali na sunna. Mgonjwa ambaye kusimama kunamdhuru ameruhusiwa kusali ameketi, na ruhusa hiyo haimngoji mpaka aanguke. Inamtosha kuchelea madhara kwa kauli ya tabibu anayeaminika. Asali juu ya kiti, nyayo zote zikigusa chini, arukuu na kusujudu kwa kuinama, na sijida iwe chini zaidi ya rukuu. Shangazi alinikatalia mwanzoni. Alisema ameabudu kwa kusimama miaka 60, hataki kukutana na Mola wake akiwa kitini. Nilimjibu kama mpwa, si kama sheikh, na jibu hilo nalihifadhi kwetu wawili. Mguu ukiwa ndani ya bandeji ngumu asiyoruhusiwa kuivua, hupaka maji juu yake katika udhu.

Jambo la pili ni kidonge kinachofuata. Karatasi za dawa hizi zinaelekeza kwamba dalili ya kwanza ya maumivu ya kano ikitokea, dawa isimamishwe na daktari aulizwe. Kwa hiyo kidonge cha jioni kisimezwe mpaka umepata ushauri, na ushauri utafutwe siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa uliotibiwa nusu nao ni hatari kwa mzee. Mkojo ulioachwa njiani waweza kupanda kwenye figo. Daktari atachagua kiuavijasumu cha ukoo mwingine, na vizuri apime mkojo na kuuotesha ili ajue ni kijidudu gani na kinauawa na nini. Aliye katika matibabu ya kifua kikuu sugu ni mbali na hukumu hii. Yeye asiache kidonge kwa shauri lake, kwani kuondoa dawa moja kati ya nyingi huyapa maradhi nafasi ya kuwa sugu zaidi. Apumzishe mguu, na afike kliniki yake siku hiyo.

Mchukueni kwa gari mpaka mlangoni. Chukueni na paketi zote, hata zilizokwisha, na mwandike kwenye kipande cha karatasi siku aliyoanza dawa na siku maumivu yalipoanza. Kwa daktari, tarehe hizo mbili zina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna mambo matatu ambayo familia hufanya kwa mapenzi yakawa madhara. Kukanda ndilo la kwanza. Vidole gumba vikikazwa juu ya kano lililovimba, au unyayo ukivutwa juu "kuunyoosha", hulichana zaidi. Kitambaa chenye barafu ndani yake, kwa dakika 10 hadi 15, na mguu ukiinuliwa juu ya mto, hivyo havina ubaya. La pili ni sindano ya maumivu ya dukani. Wauzao wengine huchanganya diklofenaki na deksamethasoni. Hiyo deksamethasoni ni steroidi, ndilo tulilokuwa tukilikimbia, na huondoa maumivu hata mzee akasimama kwa furaha juu ya kano lililo karibu kukatika. Diklofenaki nayo huzitaabisha figo za wazee, na ikikutana na dawa za ukoo huu yaweza kuongeza uwezekano wa kifafa. Parasetamoli hutosha mpaka daktari aseme vingine. Wala mtu asikubali kuchomwa steroidi ndani ya kano lenyewe. La tatu ni kumjaribu mzee. "Hebu simama kwa vidole tuone." Jaribio hilo ndilo laweza kumaliza kazi. Anayetaka kujua amwachie daktari, amlaze na kuminya shavu la mguu, au atumie mashine ya altrasaundi.

Nahofia jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeliona likipotosha hata watu wa hospitali. Kano likikatika, si lazima mzee alie kwa maumivu. Baada ya ule mlio, wengine huhisi nafuu, kwa sababu kilichokuwa kikivutwa hakivutwi tena. Vidole vitacheza, na unyayo utasogea chini kidogo kwa makano mengine madogo, na mzee ataweza kuburura mguu bapa hadi nyumbani. Mtu akaona, akasema, "Umeteguka tu," akampa bandeji ya kuzungusha. Alama za kweli ni mlio au kishindo, hisia ya kupigwa nyuma, shimo linalozama kidole, wekundu au weusi wa damu chini ya ngozi siku inayofuata, na kushindwa kujisukuma mbele kwa mguu huo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo, kwa kuwa ncha mbili za kano zikikaribishwa mapema huungana vyema zaidi. Zikiachwa wiki kadhaa huvutwa mbali, na tiba huwa ngumu.

Shangazi hakupasuliwa. Kwa umri wake na pumu yake, daktari aliona afungwe plasta, unyayo ukielekea chini kama wa mtu anayechungulia kwa vidole, ili ncha za kano zikutane. Baadaye akavalishwa kiatu kigumu kilichowekewa vipande vya kuinua kisigino, na kila baada ya muda kikapunguzwa kimoja. Alitumia miezi mitatu mpaka akavaa viatu vyake. Tuliambiwa tuangalie shavu la mguu: likivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, tusingoje asubuhi, kwa sababu mguu uliotulizwa muda mrefu unaweza kugandisha damu, na bonge hilo likasafiri hadi mapafuni. Mguu wa kushoto, ule uliouma kidogo, ulipumzishwa pamoja na wa kulia, ukapona bila kukatika. Daktari aliijaza pia fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hutumika kuripoti madhara ya dawa nchini. Kwenye faili yake pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba asipewe tena dawa ya ukoo huu, nasi tumeandika hayohayo kwenye kadi anayoitia mkobani, kwa maana duka la dawa halioni faili ya hospitali.

Mwezi uliofuata, mume wa binamu yangu wa Kawangware, mzee wa miaka 66, alipewa levofloksasini kwa kifua. Siku ya tano alimwambia mkewe kwamba visigino vinamuuma kwa nyuma anapoamka. Mkewe alikuwa ameketi kitandani kwa shangazi mara nyingi, na hakumpa mafuta ya nazi. Alimwambia aketi, akamnyang'anya kidonge cha jioni, akaita gari. Daktari alikuta kano la kulia limevimba, lakini alipominya shavu la mguu unyayo ulijibu. Akabadilishiwa dawa, akapewa magongo na visigino vya kuinua, akakaa nyumbani wiki sita akiwanung'unikia wote. Sasa hupanda matatu ya 46 kwenda mjini kama zamani, ila hupenda kuweka unyayo mzima kwenye kidato kabla ya kujivuta juu.

Shangazi naye amerudi kwenye mteremko wake. Hushuka kwa fimbo, kikapu hubebwa na mjukuu. Kile kiti cha swala bado kipo karibu na dirisha, na siku za baridi nimemkuta akikitumia.